Pumzi hurudi mapema, kisigino huchelewa

Wazazi wenzangu, kuna wengi wetu tuliokuwa tukifanya mazoezi vizuri, halafu maisha yakatukatiza. Mtoto aliumwa, mzazi alilazwa, mimba ilikuja, kazi ilihamishwa. Miezi ikapita. Sasa raba zimetolewa uvunguni na mtu anataka kurudi pale alipoachia. Haya ninayoyaandika ni kwa mtu huyo, hasa yule ambaye akiumia yeye, nyumba nzima inasimama.

Mimi ni mama wa watoto wanne na naishi Chake Chake. Kwa miaka mitatu nilikuwa natoka asubuhi mara tatu kwa wiki na wenzangu wa kikundi chetu cha mazoezi, dakika 40 kila mara, nikikimbia kwa mwendo wa taratibu bila kusimama. Mwezi Machi mwaka jana mama yangu alianguka akavunjika nyonga. Nikavuka naye kwenda Unguja kwa matibabu na nikakaa huko kumuuguza. Niliporejea Pemba mwishoni mwa Septemba, miezi saba ilikuwa imekwisha na sikuwa nimekimbia hata mara moja. Nilipokwenda kupima presha nikakuta 148 kwa 94, na nilipopimwa tena siku nyingine ilikuwa vile vile. Daktari aliniambia mambo mawili: nipunguze chumvi, na nirudi kwenye mazoezi kwa sababu yatanisaidia. Akaniambia pia kwamba kwa kiwango kile naruhusiwa kuanza kutembea, lakini mtu anayekuta presha yake akiwa amepumzika ni 180 kwa 110 au zaidi, asianze mazoezi mpaka kwanza itibiwe ikashuka.

Kwa hiyo kurudi kulikuwa lazima. Ila nyumbani kwetu tulikuwa na sababu ya kuogopa. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana umri wa miaka 38 na anaishi kwa uvuvi na uchumaji wa karafuu. Naye aliwahi kukaa karibu miezi sita bila ya kugusa mpira, kisha akarudi kwenye timu ya maveterani ya kijijini. Wiki ya kwanza alihema sana. Wiki ya pili akahema kidogo. Wiki ya tatu akasema, "Wifi, pumzi imerudi, naweza kucheza mechi nzima." Akacheza. Katika kipindi cha pili alianza mbio kuufuata mpira, akasikia mtu amempiga teke nyuma ya mguu. Aligeuka, nyuma hakuna mtu. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika. Miezi minne hakuweza kusukuma mtumbwi wala kupanda mkarafuu, na msimu ule watoto wake walikula kwa msaada wa ndugu.

Kilichompata shemeji kina maelezo, na ndiyo kiini cha jambo zima. Mwili haurudi wote kwa pamoja. Mtu akiacha mazoezi, kitu cha mwanzo kupungua ni maji ya damu, na hupungua ndani ya siku chache tu. Moyo unabaki na damu kidogo ya kusukuma kila pigo, basi inabidi upige haraka zaidi, na ndiyo maana ngazi ambayo zamani hukuijali sasa inakuhemesha. Lakini kinachopotea haraka hurudi haraka. Ukianza tena, maji ya damu huongezeka ndani ya wiki moja au mbili, na unajisikia mtu mpya.

Kano na mifupa haviendi kwa saa hiyo. Kano ni ile kamba ngumu inayofunga nyama kwenye mfupa, na damu inayoifikia ni chache. Inahitaji kiasi cha miezi mitatu ya mzigo unaopanda pole pole ndipo iwe ngumu tena. Mfupa nao ukipewa mzigo mpya huanza kwa kuondoa sehemu zilizochakaa kabla ya kujenga mpya, kwa hiyo kuna wiki kadhaa ambazo unakuwa dhaifu kuliko siku uliyoanza. Majeshini wanalijua hili. Kuruta wengi wanaopata ufa kwenye mfupa wa muundi au wa unyayo, huwapata katika wiki za mwanzo za mafunzo, wakati pumzi zao zinazidi kuwa nzuri. Hatari basi haiko siku ya kwanza, siku ambayo kila mtu anajihadhari. Iko wiki ya tatu hadi ya nane, kifua kinaposema twende na kisigino hakijawa tayari. Shemeji alipimia mwili wake kwa pumzi, na pumzi ndiyo iliyomdanganya.

Nilipotaka kujua nianze na kiasi gani, mtaalamu mmoja wa tiba ya viungo alinieleza kanuni iliyotolewa mwaka 2019 na jumuiya mbili za makocha wa mazoezi ya viungo za Marekani. Waliikubali kwa sababu wanamichezo vijana walikuwa wakifariki au kulazwa katika siku za mwanzo baada ya likizo, kwa joto, kwa moyo, au kwa nyama kuharibika. Kanuni yenyewe ni nyepesi kukumbuka: 50, 30, 20, 10. Chukua kiasi cha juu ulichokuwa ukifanya. Wiki ya kwanza punguza nusu yake. Wiki ya pili punguza asilimia 30, ya tatu asilimia 20, ya nne asilimia 10. Baada ya hapo unarudi kwenye kiasi chako kamili.

Kanuni hiyo iliwekwa kwa vijana wa vyuoni waliokaa nje kwa muda, wenye kocha na daktari kando yao. Mimi nina miaka 41, nilikaa miezi saba na nina presha. Tukakubaliana kwamba kila hatua kwangu iwe wiki mbili badala ya moja, na kwamba dakika za kukimbia ndani ya muda huo ziwe chache mno mwanzoni.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Zamani nilifanya dakika 40 mara tatu, jumla dakika 120 kwa wiki. Nusu yake ni 60, yaani dakika 20 kwa kila asubuhi. Katika dakika hizo 20 nilikuwa nakimbia dakika moja na kutembea nne, kisha narudia. Ukijumlisha, ni dakika nne tu za kukimbia kwa asubuhi nzima. Wenzangu walicheka. Mmoja aliniuliza kama nimekuja kufanya mazoezi au kutafuta mtu.

Wiki ya tatu na ya nne nilipanda hadi dakika 28 kwa kila asubuhi, nikikimbia moja na kutembea tatu, na mbio zikafika dakika saba. Wiki ya tano na ya sita zilikuwa dakika 32, kukimbia tatu na kutembea tano, ambazo ni dakika 12 za mbio. Wiki ya saba na ya nane dakika 36, kukimbia nne na kutembea tano, jumla 16 za mbio. Wiki ya tisa nikarudi kwenye dakika zangu 40, nikikimbia tano na kutembea tano. Hapo ndipo nilipoanza kuzipunguza dakika za kutembea, kidogo kidogo, bila kuongeza muda.

Huenda umewahi kusikia kwamba usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Ni tahadhari nzuri kwa mtu ambaye tayari anakimbia nyingi, lakini kwa anayeanza chini haisaidii sana, maana asilimia 10 ya dakika nne ni sekunde 24. Tena watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliijaribu kwa watu wanaoanza kukimbia, wakachapisha matokeo mwaka 2008: waliopandishwa kwa kanuni hiyo waliumia kwa kiwango kile kile na wenzao waliopandishwa haraka zaidi. Mimi nilichokishika ni vitu viwili vinavyoonekana kwa saa ya mkononi. Kwanza, nibaki wiki mbili kwenye kila ngazi ili kano ipate muda. Pili, niongeze kitu kimoja kwa wakati. Ninapoongeza dakika siongezi kasi, na ninapoongeza kasi siongezi mlima.

Hapa kwetu Pemba mlima una maneno yake. Anayetujua anajua kwamba kisiwa hiki ni vilima na mabonde, na Chake Chake ni kupanda na kushuka. Watu wengi wanaogopa kupanda kwa sababu kunahemesha, kisha wanashuka mbio wakiona wamepumzika. Mwili unaona kinyume chake. Unaposhuka, nyama ya paja inafanya kazi ya kufunga breki huku inavutwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoichana zaidi. Ndiyo maana mtu akikimbia mteremko siku ya kwanza, siku ya pili yake anashika ukuta kukaa chooni. Wiki nne za mwanzo nilichagua kuzunguka mahali tambarare pale Gombani, na kila nilipokutana na mteremko nilitembea. Kuanzia wiki ya tano nikaruhusu mteremko mfupi mmoja. Paja likishauonja mara moja kwa kiasi, mara ya pili haliumi vile.

Mwendo wenyewe niliupima kwa mdomo. Nikikimbia lazima niweze kumwambia mwenzangu sentensi nzima, kama vile, "Leo nikitoka hapa napita sokoni kununua muhogo." Nikikatika katikati, napunguza. Kwa mwenye presha jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mbio za kubana pumzi huipandisha ghafla. Joto nalo linaingia humu. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 za kuzoea kutoka jasho upya, na sisi kina mama tunafanya mazoezi tukiwa tumejistiri, kwa hiyo joto linakaa nasi. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tukarudi kabla jua halijapanda, na siku ambayo hewa imesimama, bila upepo wala mvua, nilikata dakika tano bila ya kujadili.

Swali gumu kuliko yote ni hili: maumivu yapi ni ya kawaida na yapi ni onyo? Nyama inayouma pande zote mbili, mapaja yote au vigimbi vyote, ikaanza siku ya pili na kuisha ndani ya siku tatu, hiyo ni nyama inayojijenga. Kano huongea kwa njia nyingine. Huuma sehemu moja ambayo unaweza kuigusa, na hukaza asubuhi unapokanyaga hatua za mwanzo kutoka kitandani. Kanuni niliyopewa ni ya saa 24: kama asubuhi ya pili yake kisigino kimekaza kuliko jana, mzigo wa jana ulizidi, na zamu inayofuata unarudi ngazi ya nyuma. Mfupa ndio wa kuogopa zaidi. Ukibonyeza muundi kwa kidole kimoja ukapata alama moja inayouma kweli, au mguu ukauma hata ukiwa umelala, acha kukimbia kabisa na nenda ukaangaliwe. Ufa wa mfupa ukipumzishwa mapema hupona kwa wiki kadhaa, na ukilazimishwa huweza kuwa mvunjiko kamili.

Wiki ya sita kisigino changu cha kushoto kilikaza asubuhi. Hakikuvimba wala hakikunizuia kutembea. Nilirudi kwenye dakika 28 kwa wiki nzima, na mara mbili kwa siku nikasimama kwenye ngazi ya mlangoni nikinyanyua visigino polepole, mara nane, kupumzika, kisha mara nane tena. Kano haipendi kulazwa kabisa. Inapenda mzigo mdogo unaojulikana. Wiki iliyofuata ukakasi uliisha nikaendelea na dakika 32. Baadaye mdogo wangu wa mwisho alishikwa na homa, nikakosa wiki nyingine. Kwa wiki moja iliyokosekana nilirudia ngazi ile ile. Ingekuwa wiki mbili au zaidi ningeshuka ngazi moja.

Haya yananigusa pia kama mzazi wa kijana. Mwanangu wa miaka 16 anacheza mpira skuli, na kila baada ya likizo ndefu siku za mwanzo za timu huwa za adhabu, kuchuchumaa mara mia, kuruka kichura uwanja mzima. Vijana hushindana wasionekane wanyonge. Nyama iliyokaa muda mrefu ikipewa mamia ya marudio kwa siku moja inaweza kuharibika kiasi kwamba uchafu wake unaingia kwenye damu na kuziba figo. Dalili yake huonekana siku moja hadi tatu baadaye: mapaja yamevimba na kukaza, maumivu makali kupita ya kawaida, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Nimemwambia mwanangu kwamba akiuona mkojo huo aniambie saa ile ile, hata usiku, na tutakwenda hospitali bila kusubiri asubuhi. Nimekwenda pia kwa mwalimu wao kumweleza nusu ya wiki ya kwanza. Alikubali kuanza na marudio machache, na timu haikuharibika.

Kuna watu ambao hawafai kuanza hata na dakika zangu nne kabla ya kuonana na daktari. Ni yule anayebanwa na kifua akipanda mlima, aliyewahi kuzimia akifanya kazi nzito, ambaye moyo wake unakwenda mbio bila sababu, mwenye sukari anayetumia dawa za kuishusha, na mama aliyejifungua kwa upasuaji karibuni. Na homa yoyote inayoambatana na mwili kuuma, hata ikiwa ndogo, inatosha kuahirisha mpaka ipite kabisa.

Mwishoni mwa wiki zangu, ambazo kwa zile mbili za kurudia zilifika 11, presha yangu ilikuwa 138 kwa 87. Kupungua kwa namna hiyo ndiko kunakotarajiwa: mazoezi ya pumzi kwa mwenye presha hushusha namba ya juu kwa kiasi cha 5 hadi 8, na chumvi ikipunguzwa nayo huchangia. Hakushushi kwa siku moja, na mtu akiacha hupanda tena. Kama ulipewa dawa, mazoezi hayakupi ruhusa ya kuziacha. Ni daktari atakayezipunguza akiona inafaa.

Kila tarehe 1 Januari Zanzibar huwa na siku ya mazoezi kitaifa, na vikundi hujaa barabarani. Wengi wetu huitumia siku hiyo kama siku ya kuanza, na hutembea na kukimbia masafa ambayo miguu haijayaona mwaka mzima. Hesabu kinyumenyume. Anayetaka kushiriki akiwa salama, kwa mwendo wa wiki mbili kwa kila ngazi, aanze mwishoni mwa Oktoba, na aongeze wiki moja au mbili kwa ajili ya homa za watoto, kwa sababu hizo hazikosi. Aliyechelewa akafika Disemba bila ya kuanza, siku hiyo atembee tu na wenzake, aache mbio, na Januari iwe ndiyo mwezi wake wa dakika nne.

Shemeji sasa anapanda mkarafuu tena. Kisigino chake kina kovu, na kila jioni hunyanyua visigino kwenye kizingiti cha nyumba yake. Mpira bado hajarudi kucheza. Mtaalamu amemwambia asubiri mpaka anyanyue kisigino cha mguu ule mmoja mara 25 sawa na mwenzake. Juzi alifika 19.